Saluni Inavyoonekana na Mpita Njia

Leo nazungumza na mwenye saluni ya fremu moja: chumba cha mita 3 kwa mita 4 na nusu, viti viwili, sinki la kuoshea nywele, draya na meza ya kucha. Wateja wake wa kila siku anao. Wanampigia simu, wanapanga siku, wanakuja. Anayemkosa ni yule anayepita mbele ya mlango wake jioni baada ya jioni, ana kucha zilizobanduka rangi au nyusi zilizoota, ana noti ya elfu kumi kwenye pochi, na bado anapitiliza.

Mwenye saluni huyu mara nyingi husema wateja wa mtaa ule hawana hela, au jirani kamroga. Mimi naomba kwanza atoke nje, aende mpaka kituo cha daladala, kisha arudi kwa miguu akiifuata njia ileile anayoifuata mpita njia. Njiani ajiulize: nimeiona saluni yangu nikiwa wapi? Nimejua lini kwamba ni saluni? Nimejua lini kwamba inanifaa mimi?

Tujenge mfano ili tuelewane. Fremu yetu iko Sinza, Dar es Salaam, kwenye mtaa unaochepuka kutoka Barabara ya Shekilango. Imetazama magharibi. Mbele yake kuna mtaro, kisha njia ya waenda kwa miguu, kisha barabara, na ng'ambo kuna ukuta mrefu uliopakwa chokaa nyeupe. Fremu ziko sita kwa mstari mmoja: duka la dawa, fundi simu, saluni yetu, wakala wa fedha, duka la nguo za watoto na mgahawa. Jioni watu hushuka kituoni na kuja kwa mstari, wakitembea sambamba na ukuta wa fremu hizo. Tumfuate dada mmoja miongoni mwao, ameshuka saa 11 na nusu, kachoka, hana haraka sana.

Anapokuwa mita 30 kutoka kwetu, anaona nini? Mwenye saluni ana kibao kizuri tu, upana mita 3, kimepigiliwa juu ya mlango na kimelala ukutani. Kimeandikwa jina la saluni kwa herufi za kujikunja, pembeni kuna uso wa mwanamke mwenye nywele ndefu, na chini orodha ya huduma kumi na mbili na namba mbili za simu. Mchoraji kafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba kibao kile kinamtazama mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, na dada yetu hayuko ng'ambo. Yuko kwenye mstari uleule wa fremu, mita moja na nusu tu kutoka ukutani. Akiwa mita 10 kabla ya kukifikia, kibao kile cha mita 3 kinabanwa machoni pake hadi kuonekana kama kipande cha sentimita 35 hivi. Herufi zinasongamana, uso wa mwanamke unakuwa mstari. Anachokiona ni rangi tu. Anapofika chini ya kibao, kiko juu ya kichwa chake na hakitazami tena. Kwa ufupi, kibao kilichomgharimu mwenye saluni pesa nyingi kinasomwa na madereva wa bajaji na watu wa ng'ambo, na hakisomwi na wale wanaopita mlangoni kwake.

Dawa yake ni kibao cha pili, kidogo, kinachotokeza kutoka ukutani kwenda njiani, ili anayetoka kituoni akutane nacho uso kwa uso. Kikiwa na sentimita 60 kwa 60 kinatosha. Kiandikwe pande zote mbili, kwa sababu asubuhi watu wale wale wanakwenda kinyume kurudi kituoni. Ukingo wake wa chini uwe mita 2 na robo au zaidi kutoka chini, asije mtu mrefu au mwenye mzigo kichwani akagonga. Na kabla hujatoboa ukuta, pita ofisi ya mtaa na ya halmashauri uulize kuhusu kibali na ada ya mabango. Ukiwa kando ya barabara kuu au ya mkoa, hifadhi ya barabara ni ya TANROADS. Kwenye barabara za mitaa ni TARURA. Kibao kilichowekwa alama ya X nyekundu ni hasara mara mbili.

Kiandikwe nini? Hapa watu wengi wanaharibu. Kuna kanuni ya zamani ya waandika mabango: herufi yenye urefu wa sentimita 10 husomeka bila taabu kwa mtu aliye mita 12, na kwa kukaza macho huenda mpaka mita 30 hivi. Herufi kubwa ya sentimita 10, pamoja na nafasi ya pembeni yake, hula upana wa sentimita 7 au 8. Kwa hiyo kwenye kibao cha sentimita 60 zinaingia herufi saba kwa mstari, na mistari mitatu au minne kwenda chini. Piga hesabu mwenyewe: SALUNI ni herufi sita, inaingia. KUCHA ni tano, inaingia. NYUSI ni tano, inaingia. Basi, kibao kimejaa. Jina lako halikupata nafasi, na hiyo si dharau. Jina lako linamfaa mtu anayekujua. Asiyekujua anatafuta kazi unayofanya. Jina libaki kwenye kile kibao kikubwa cha juu ya mlango.

Dada yetu anatembea kama mita moja na robo kwa sekunde. Tangu anapoweza kusoma kibao chako bila taabu mpaka anapofika mlangoni, una sekunde tisa au kumi. Orodha ya huduma kumi na mbili haisomwi kwa sekunde kumi na mtu anayeangalia pia asikanyage maji na asigongwe na bodaboda. Maneno matatu yanasomwa.

Rangi nayo usiichague dukani kwa mchoraji. Ichague ukiwa umesimama kituoni. Ukiona fremu jirani zote zina vibao vyekundu vya msaada wa kampuni za soda na simu, chako chekundu kitamezwa. Weka herufi nyeupe juu ya buluu iliyokoza au kijani kilichokoza, au herufi nyeusi juu ya njano. Kinachosomwa ni tofauti ya weupe na weusi kati ya herufi na mandhari yake. Waridi juu ya zambarau hupendeza ukiwa karibu, lakini ukiwa mbali huwa doa moja. Ukitaka kujua, piga picha ya kibao kwa simu kisha igeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Maneno yakipotea kwenye picha ile, jua yanapotea machoni mwa watu pia jua linapozama. Na herufi za kujikunja, zile zenye mikia, ziache kwa kadi za mwaliko wa harusi.

Sasa dada ameshajua kuna saluni ya kucha na nyusi. Amefika mita 3 kutoka dirishani. Anageuza shingo. Anaona nini?

Anajiona mwenyewe. Anaona pia barabara, bajaji, na ule ukuta mweupe wa ng'ambo. Dirisha limegeuka kioo cha kujitazamia. Hili linawakera wenye saluni wengi, na wengi hulichukulia kama uchafu wa kioo, wanakisugua kila asubuhi. Kioo ni kisafi. Kioo cha kawaida, hata kile cheupe kabisa, hurudisha kama asilimia 8 ya mwanga unaokipiga moja kwa moja, na mtu akikitazama kwa upande, kama anavyokitazama dada anayekuja sambamba na ukuta, hurudisha zaidi ya hapo. Jua la mchana lina luksi laki moja. Ndani ya fremu yenye taa mbili kuna luksi mia mbili au tatu. Sehemu ndogo tu ya mwanga wa ule ukuta mweupe wa ng'ambo ikirudishwa na kioo inatosha kufunika kila kitu ulichokipanga ndani. Na ukibandika tinti nyeusi ili fremu ionekane ya kisasa, unaua hata kile kidogo kilichokuwa kinaonekana.

Huwezi kulizima jua, lakini unaweza kupanga vitu ukilijua. Jambo la kwanza ni maandishi. Mengi hubandikwa upande wa ndani wa kioo ili yasichubuliwe na watoto, na kwenye kioo cha tinti hapo ndipo yanapofia. Bandika stika upande wa nje, herufi nyeupe zilizokatwa, na zitasomeka saa 6 mchana kama saa 11 jioni, kwa sababu zinapigwa na mwanga ule ule unaopiga barabara. Jambo la pili ni umbali. Kitu kilicho mita moja ndani ya kioo hakionekani mchana. Kile kile kikisogezwa mpaka kwenye kioo chenyewe, kipate mwanga wa nje, kinaonekana. Jambo la tatu ni weupe. Wigi jeusi juu ya kichwa cha plastiki cheusi, mbele ya pazia jeusi, ni kama halipo. Wigi lile lile mbele ya ubao mweupe au wa rangi ya krimu linajichora.

Na usipange vitu vingi. Dirisha la mita moja na nusu lenye mafuta ishirini, wigi nne, rasta za rangi zote, na makopo ya dawa ya nywele, linamwambia mpita njia kwamba hapa ni duka la vipodozi. Atapita akijua atakuja siku akiishiwa mafuta. Chagua kitu kimoja kikubwa cha kusema "hapa tunatengeneza": ubao mweupe wenye mikono mitatu ya plastiki iliyowekwa kucha za mitindo mitatu, kwa mfano, kila mkono na bei yake chini. Ugeuze ubao huo kidogo, usiutazamishe barabara moja kwa moja. Uutazamishe upande wanakotoka watu wa kituoni. Kule kugeuza tu kunampa dada yetu hatua mbili au tatu zaidi za kuuona.

Fremu yetu imetazama magharibi, kwa hiyo tuna adui mwingine. Tangu saa 8 mchana jua linaingia dirishani moja kwa moja mpaka linapozama. Rangi za kucha zinagandana, mafuta ya mgando yanayeyuka na kujitenga, nywele bandia zinapauka upande mmoja. Na zile picha za mitindo, zile karatasi kubwa zenye vichwa thelathini vya kusuka, zinageuka buluu. Umeziona mtaani: wanawake wote wamekuwa rangi ya samawati kama wagonjwa. Inatokea hivyo kwa sababu wino wa njano na wa waridi hupauka mapema juani, na ule wa buluu hukawia. Mpita njia hajui habari za wino. Anachosoma ni kwamba picha hizi ni za zamani, basi na mitindo ni ya zamani, basi na mikono ya humu labda ni ya zamani.

Kwa hiyo dirishani weka makopo matupu, yale yaliyokwisha, na mali yenyewe ikae ndani kivulini. Picha zibadilishe mara tu ngozi za watu zinapoanza kuelekea buluu. Na badala ya karatasi ya vichwa thelathini ambayo kila saluni inayo, toa picha nne za kazi ya mikono yenu, zichapwe kubwa. Uombe ridhaa ya mwenye kichwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria ni adabu. Piga kisogo na mikono, usipige uso. Kazi ya msusi inaonekana vizuri zaidi kwa nyuma, na mwenye kichwa hatakuwa na neno na mumewe.

Fremu inayotazama kaskazini au kusini ina hesabu nyingine. Kwa Dar es Salaam, kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri liko upande wa kusini. Miezi mingine liko kaskazini. Mwenye fremu ya kusini asishangae dirisha lililokuwa salama Julai likaunguza mafuta Desemba. Kivuli cha turubai au bati kinachotokeza mita moja kitamsaidia sana, maana jua la adhuhuri liko juu. Kwetu sisi wa magharibi kivuli hicho husaidia mpaka saa 9 au 10, kisha jua hushuka na kupita chini yake. Tunahitaji pazia la kukunja la kushusha jioni, au tukubali kwamba dirisha ni la makopo matupu.

Dada yetu amepunguza mwendo. Sasa linakuja swali ambalo hataliuliza kwa mdomo: kiasi gani, na nitakaa humu mpaka saa ngapi? Fikiria hali yake. Anatoka kazini, nyumbani kuna watoto na chakula cha jioni. Kusuka rasta ni kazi ya saa nne, tano, sita. Hakuna anayeanza rasta saa 12 jioni kwa kupita tu. Mteja wa rasta ni wa kupanga siku. Mteja wa kupita ni wa kutinda nyusi, kupaka rangi ya kucha, kuosha na kukausha, kufumuliwa nywele. Kwa hiyo nje ya mlango tangaza kazi za chini ya saa moja. Kile kibao kikubwa kinaweza kutaja rasta. Ubao wa mlangoni usiitaje kabisa.

Ubao huo uwe wa kusimama au wa kutundika usawa wa macho, sentimita 140 au 150 kutoka chini. Mistari mitano inatosha, na kila mstari uwe na mambo matatu: kazi, bei, muda. Tuseme: kutinda nyusi, 3,000, dakika 15. Rangi ya kucha za mikono, 5,000, dakika 30. Kuosha na kukausha, 8,000, dakika 45. Bei ni zako, utaweka za mtaa wako. Lakini ziandike. Wenye saluni wengi huficha bei ili wampime mteja kwa viatu na mkoba wake. Mteja analijua hilo. Anajua pia kwamba akishaingia, akaambiwa bei inayomzidi, itabidi atoke mbele ya watu sita waliokaa humo wanamtazama. Ili asiaibike, haingii. Neno "kuanzia" nalo lipunguze. "Kuanzia 5,000" mteja wa mjini analisoma kama elfu ishirini.

Ameridhika na bei. Zimebaki hatua mbili, na hapa kwetu pwani ndipo penye utata mkubwa kuliko pote. Anataka kuona ndani kabla hajaingia, na hataki yeye aonekane akishaingia. Wateja wengi wa Dar es Salaam, na wengi zaidi wa Tanga, Zanzibar na Mombasa, wanavaa hijabu; hawawezi kukaa kichwa wazi mbele ya dirisha. Hata asiyevaa hijabu hapendi kuonekana na kichwa kilichofumuliwa nusu. Mwenye saluni akiziba kioo chote kwa pazia au stika, mpita njia anaogopa: humu ndani kuna nini, kuna nani? Akiacha wazi, mteja anaogopa.

Wengine hutatua kwa kubandika tinti ya kung'aa, ile ambayo ukiwa nje unajiona na ukiwa ndani unaona nje. Mchana inafanya kazi. Lakini tinti ile haijui nje wala ndani. Inajua tu upande upi una mwanga mwingi. Jua likizama, saa 12 na nusu hivi, ukawasha taa, mambo yanageuka. Sasa walio ndani wanajiona wenyewe, na vijana wa kijiweni wanaona saluni nzima kama runinga. Mteja aliyevua mtandio akiamini haonekani, akija kuambiwa na jirani, hutamwona tena. Kama unayo tinti hiyo, leo usiku washa taa, toka nje, simama ng'ambo, uone mwenyewe.

Njia iliyo bora ni kuigawa fremu. Mita moja na robo ya mbele iwe wazi kabisa, kioo cheupe, taa nzuri: hapo weka kaunta ndogo, viti viwili vya kusubiri, rafu ya bidhaa, na meza ya kucha kama kuna mwanamke anayeshughulikia kucha, kwa kuwa mikono haina siri. Baada ya hapo simamisha ukuta wa mbao nyembamba au pazia zito, urefu mita 1 na sentimita 80, usifike dari ili hewa na mwanga vipite. Uwazi wa kuingilia nyuma uwe upande ule ambao hauko mkabala na mlango wa nje. Viti vya kusuka na sinki vikae huko. Mpita njia anaona watu, anaona usafi, anaona mwanamke mwenzake amekaa anatengenezwa kucha. Kichwa wazi haoni.

Kisha angalia vioo vya kujitazamia. Hivi husaliti watu. Kioo kilichopigwa ukuta wa mwisho, kikitazama mlango kupitia uwazi ule, kinaupeleka uso wa mteja mpaka barabarani. Vioo viwe kuta za pembeni. Mkalishe msaidizi wako kwenye kila kiti, toka nje, tembea kutoka mwanzo wa fremu mpaka mwisho wake. Ukimwona kwenye kioo hata mara moja, kisogeze.

Kuna kioo kimoja kinachostahili kuwa nje, na hicho kisogeze karibu na watu. Mtafiti wa Marekani, Paco Underhill, aliyetumia miaka akiwatazama wanunuzi madukani na akatoa kitabu chake mwaka 1999, aliandika kwamba watu hupunguza mwendo wakikuta kioo cha kujitazamia. Kwa saluni hilo lina faida ya pili, kwa kuwa kile mtu anachokiona kwenye kioo, nyusi na nywele zake mwenyewe, ndicho unachouza. Kipande chembamba cha sentimita 30 kwa 90, kwenye nguzo iliyo pembeni ya mlango, na ule ubao wa bei chini yake au ubavuni.

Sasa kizingiti. Mtaro wetu umefunikwa kwa kipande cha zege chembamba kinachotikisika. Kisha kuna ngazi moja ya sentimita 25, kisha reli ya geti la chuma. Dada yetu kavaa sketi ya kubana na viatu vya mchuchumio, au ana mtoto mgongoni. Hatua ya sentimita 15 mpaka 17 inapandwa bila kufikiri. Ya 25 inapandwa kwa kushika kitu. Igawe ziwe mbili, na zege la mtaro liwe pana, mita moja na robo, lisitikisike. Upana wa mlango usipungue sentimita 80, na usizibwe nusu na jenereta au ndoo ya maji.

Angalia pia malapa. Saluni nyingi zetu zina rundo la malapa mlangoni, na anayekuja kwa mara ya kwanza hajui: avue au asivue? Viatu vyake vitakaa salama? Soksi zake zimetoboka? Ni jambo dogo, lakini mtu aliye katikati ya kuingia na kutoingia hurudishwa na jambo dogo. Amua moja. Kama sakafu ni ya vigae na inapigwa deki, andika "Ingia na viatu" na uliondoe lile rundo mlangoni. Kama una kiyoyozi na mlango unafungwa, acha kipande cha kioo kisicho na stika usawa wa macho, na uandike "Tumefungua, karibu." Mlango uliofungwa, wa tinti, usio na neno, unasomeka kuwa umefungwa.

Jambo la mwisho la mlangoni ni benchi. Wasusi wakikosa kazi hukaa nje kupunga hewa, na hapo hapo huja kijana wa bodaboda, na fundi simu, na rafiki wa fundi simu. Mteja mgeni, ili aingie, lazima apite kati ya macho manane. Geuza benchi liwe ubavuni mwa mlango, litazame barabara, wala lisitazame mlango. Na wanaume wakae kwa fundi simu.

Sasa utajuaje ni kipi cha kurekebisha kwanza? Usinunue kitu kabla hujahesabu. Kaa ng'ambo na karatasi, saa 11 mpaka saa 12 jioni, siku ya kawaida ya kazi isiyo na mvua. Weka safu nne: waliopita, waliogeuza shingo, waliopunguza mwendo, walioingia. Tuseme wanawake 120 wamepita, 40 wamegeuza shingo, 12 wamepunguza mwendo, na mmoja kaingia. Kibao kinafanya kazi yake, dirisha linafanya kiasi, wanakwama mlangoni. Shughulikia bei, kizingiti na benchi, usiguse kibao. Lakini kama kati ya 120 wamegeuka 8 tu, dirisha halina kosa, hata halijaonwa. Weka kibao kinachotokeza. Na kama wengi wanageuza shingo na hakuna anayepunguza mwendo, shida ni kioo na kilichomo. Badilisha jambo moja, acha wiki moja ipite, uhesabu tena siku ileile na saa ileile. Ukibadilisha mambo manne kwa pamoja hutajua lipi lilileta wateja, na mwezi ujao utalipa tena kwa lile lisilosaidia.

Mengi ya tuliyoyasema hayana gharama: kuhamisha stika, kusogeza kioo, kugeuza benchi, kuandika bei kwa mkono safi, kuondoa picha za buluu. Anza na hayo. Kibao cha pembeni kifuate, halafu ukuta wa mbao, na mwisho zege na ngazi, ambazo kwanza uzungumze na mwenye nyumba, usije ukamjengea kisha kodi ikapanda. Na kama hesabu yako itaonyesha wanaingia watu sita, wakakaa kidogo, wakatoka bila kuhudumiwa, hapo achana na mchoraji. Kaa na wasusi wako mwulizane nani alimpokea mgeni, na alimwambia nini.